Fedha Zimetumika, Kazi Imefika Wapi?

Taarifa ya fedha ya mradi kwa kawaida huwa na safu mbili: kilichopangwa kutumika hadi leo, na kilichotumika hadi leo. Safu hizo zikikaribiana, wajumbe wa kikao huridhika. Matumizi yakiwa pungufu, hakosekani wa kusema kwamba tumebana matumizi. Lakini safu hizo haziwezi kumwambia mtu kazi imefika wapi, kwa sababu zote mbili zinahesabu fedha tu. Mradi uliotumia pungufu huenda umebana matumizi kweli, na huenda umelala wiki tatu bila fundi kugusa koleo. Uliotumia zaidi huenda unavujisha fedha, na huenda unakwenda mbio kuliko ratiba. Namba ni ileile, hali ni tofauti kabisa.

Njia ya thamani iliyopatikana inaongeza safu ya tatu. Safu hiyo inauliza: kazi iliyokamilika hadi leo, kwa bei tuliyoipangia tangu mwanzo, ina thamani gani? Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliifanya kuwa sharti kwa wakandarasi wake wakubwa mwaka 1967, ilipochapisha vigezo 35 ambavyo mfumo wa mkandarasi wa kufuatilia gharama na ratiba ulipaswa kuvitimiza. Leo njia hii ina hata kiwango chake cha kimataifa, ISO 21508, kilichotolewa mwaka 2018. Hata hivyo hesabu yenyewe ni ya kutoa na kugawanya, na haihitaji ndege ya kivita ili ifanye kazi. Inatosha mradi wa maji wa kijiji. Ugumu uko kwingine: katika kuamua nini kihesabiwe kuwa kimekamilika, nini kihesabiwe kuwa kimegharimiwa, na katika kujua mahali ambapo tofauti ya ratiba huacha kusema kweli.

Namba tatu na mradi mmoja

Tuchukue mradi wa mfano wenye bajeti ya shilingi milioni 240 na muda wa miezi sita. Una kazi nne. Kwanza ni kisima kirefu na pampu yake, milioni 60, kazi ya miezi miwili ya mwanzo. Pili ni kuchimba mtaro na kulaza bomba kilomita 8, kila kilomita milioni 10, kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano kwa kasi ya kilomita mbili kwa mwezi. Tatu ni tenki la zege, milioni 60: msingi milioni 18 katika mwezi wa tatu, kuta milioni 30 katika mwezi wa nne, paa na umaliziaji milioni 12 katika mwezi wa tano. Nne ni vituo kumi vya kuchotea maji, kila kimoja milioni 4, vitano mwezi wa tano na vitano mwezi wa sita.

Thamani iliyopangwa ni jumla ya bei za kazi zote ambazo ratiba inasema zingekuwa zimekamilika hadi tarehe ya taarifa. Mwishoni mwa mwezi wa nne, kisima kilipaswa kuwa kimekwisha (milioni 60), bomba kilomita 6 (milioni 60), na tenki msingi pamoja na kuta (milioni 48). Jumla ni milioni 168. Namba hii haitegemei chochote kilichotokea eneo la kazi. Inatoka kwenye mpango ulioidhinishwa, na mpango huo haubadilishwi kimyakimya kila mambo yanapokwenda kombo. Ukisogezwa mbele kila mwezi ili ulingane na hali, tofauti zote zitakuwa sifuri na taarifa haitakuwa na maana.

Thamani iliyopatikana ni bei ileile ya mpango, ila kwa kazi iliyofanyika kweli. Kilomita moja iliyokamilika ina thamani ya milioni 10, hata kama imegharimu milioni 14, na hata kama ingegharimu milioni 7. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba kazi iliyogharimu zaidi imepata thamani zaidi. Haijapata. Bei ya mpango ndiyo kipimo, na kipimo hakirefuki kwa sababu kitu kimekuwa ghali.

Gharama halisi ni kile ambacho kazi hiyohiyo iliyofanyika imegharimu: vifaa vilivyotumika, mafundi, vibarua, kukodi mitambo, mafuta, usafiri.

Vitabu vya fani na programu za kompyuta huziandika namba hizi kwa herufi PV, EV na AC. Katika Microsoft Project utakuta pia majina ya zamani, BCWS, BCWP na ACWP, lakini ni vitu vilevile. Tofauti mbili za msingi hupatikana hivi:

```
CV = EV - AC     (tofauti ya gharama)
SV = EV - PV     (tofauti ya ratiba)
```

Zote mbili zinaanza na thamani iliyopatikana, na kanuni ya kusoma ni moja: hasi ni dalili mbaya, chanya ni dalili nzuri. Tofauti ya gharama ikiwa hasi, kazi iliyofanyika imegharimu kuliko bei yake. Tofauti ya ratiba ikiwa hasi, kazi iliyofanyika ni pungufu ya ile iliyopaswa kufanyika kufikia leo.

Mwezi wa nne unavyosomeka

Sasa tuweke hali ya eneo la kazi mwishoni mwa mwezi wa nne. Kisima kimekamilika, lakini maji yalipatikana chini zaidi ya kina kilichokisiwa. Bomba limefika kilomita 4.5, kwa sababu mtaro umekutana na mwamba. Tenki lina msingi kamili na sehemu ya kuta. Mafundi waliokuwa wakingojea mwamba upasuliwe walipewa kazi ya kujenga vituo vitatu vya kuchotea maji kabla ya wakati wake. Katika jedwali hili kila namba ni milioni za shilingi.

| Kazi | PV | EV | AC | SV | CV |
|---|---|---|---|---|---|
| Kisima na pampu | 60 | 60 | 64 | 0 | −4 |
| Mtaro na bomba | 60 | 45 | 59 | −15 | −14 |
| Tenki | 48 | 30 | 32 | −18 | −2 |
| Vituo vya maji | 0 | 12 | 11 | +12 | +1 |
| Jumla | 168 | 147 | 166 | −21 | −19 |

Anayetazama safu ya kwanza na ya tatu peke yake ataona kwamba mpango ulikuwa kutumia milioni 168 na zimetumika milioni 166. Ataandika kwamba mradi uko chini ya bajeti kwa milioni 2. Safu ya katikati inamkanusha. Kwa milioni 166 imepatikana kazi ya milioni 147. Milioni 19 zimekwenda bila kazi ya kulingana nazo, na kazi ya milioni 21 iliyopaswa kuwapo bado haipo. Hasara mbili zimefichana: mradi umechelewa, kwa hiyo haujatumia fedha za kazi ambayo haijafanyika. Ughali wa kazi iliyofanyika umejaza pengo hilo, na jumla ya matumizi ikaonekana ya kawaida.

Mstari wa jumla unaonyesha kwamba kuna tatizo. Mistari ya ndani inaonyesha ni tatizo gani, na hapa kazi mbili zilizo nyuma zina magonjwa mawili tofauti. Bomba lina hasi pande zote mbili, kwa kiasi kinachokaribiana. Kilomita 4.5 zimegharimu milioni 59, yaani kama milioni 13.1 kwa kilomita badala ya 10. Mtu anayeijua kazi ya mitaro ataitambua sura hiyo mara moja: kazi yenyewe imekuwa ngumu. Siku moja ya vibarua inatoa mita chache kuliko ilivyokisiwa, hivyo kila mita inakuwa ghali na kila mita inachelewa.

Tenki ni habari nyingine. Ratiba yake ni hasi milioni 18, lakini gharama yake ni hasi milioni 2 tu. Kazi iliyofanyika imefanyika karibu na bei yake, ila imefanyika kidogo. Sura hiyo haisemi kwamba zege ni ghali. Inasema kwamba kuna siku ambazo hakuna aliyekuwa anamwaga zege: mbao za kufungia kuta zilichelewa, au mafundi walihamishiwa kwingine, au nondo hazikufika. Kuongeza fedha kwenye tenki hakutaharakisha kitu kama kinachokosekana ni mbao. Kisima nacho kina ziada ya gharama bila kuchelewa. Kimekwisha, milioni 4 zimekwenda na hazitarudi, lakini pia hazitaongezeka.

Chanya nayo inastahili swali. Vituo vitatu vimejengwa kwa milioni 11 badala ya 12. Huenda mafundi wamekuwa wepesi, na huenda saruji imepunguzwa kwenye sakafu na mfereji wa maji machafu. Hesabu hii haioni ubora. Inaona tu kile ambacho aliyekagua amekubali kukiita kimekamilika.

Nani amesema imekamilika?

Namba 30 ya tenki ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kuliko zote katika jedwali. Thamani iliyopangwa inasomwa kwenye mpango na gharama halisi inasomwa kwenye vitabu, lakini thamani iliyopatikana inatoka kwenye hukumu ya mtu kuhusu kazi ambayo haijakwisha. Kuta za tenki zilipangiwa milioni 30. Je, zilipofika hapo zilikuwa na thamani gani?

Jedwali limetumia kanuni ya kuhesabu hatua. Kuta zinamwagwa zege kwa awamu tano zinazolingana, kila awamu milioni 6. Awamu mbili zimemwagwa, mbao zake zimefunguliwa na zege limekaguliwa, hivyo kuta zimepata milioni 12, na pamoja na msingi tenki lina milioni 30. Mtu mwingine angesema kuta ni kazi moja isiyogawanyika: hazipati kitu mpaka zifike juu. Kwa kanuni hiyo tenki lingekuwa na milioni 18 tu, na tofauti ya gharama ya mradi mzima ingekuwa hasi milioni 31. Wa tatu angetumia kanuni ya nusu kwa nusu, ambayo huipa kazi nusu ya thamani inapoanza na nusu inapokwisha. Kuta zingepata milioni 15, na mradi ungekuwa hasi milioni 16. Wa nne angempigia simu fundi mkuu, aambiwe kuta ziko asilimia 80. Zingepata milioni 24, na mradi ungekuwa hasi milioni 7.

Eneo la kazi ni lilelile na fedha ni zilezile, lakini hasara inacheza kati ya milioni 7 na milioni 31 kutegemea swali aliloulizwa mtu na kanuni aliyoichagua. Kwa hiyo kanuni ya kupima huandikwa kabla kazi haijaanza, kazi kwa kazi, na haibadilishwi katikati. Kanuni ya yote au hapana inafaa kazi fupi inayoanza na kwisha ndani ya kipindi kimoja cha taarifa, kama kituo kimoja cha kuchotea maji. Nusu kwa nusu inafaa kazi nyingi ndogondogo, kwa sababu makosa yake hufidiana. Kazi ndefu yenye vipande vinavyofanana, kama bomba, hupimwa kwa vipande hivyo. Kazi ndefu isiyo na vipande dhahiri, kama tenki, hugawanywa kwa hatua zinazoonekana kwa macho na kupewa uzito mapema.

Asilimia ya kukisia ndiyo mbaya kuliko zote, na ina dalili inayojulikana. Kazi hupanda haraka hadi asilimia 80 au 90, kisha hukaa hapo mwezi baada ya mwezi huku gharama ikiendelea kupanda. Ukiona mstari wa taarifa unasomeka asilimia 85, kisha 88, kisha 90, wakati fundi yuleyule analipwa posho kamili kila wiki, makisio ya mwanzo yalikuwa ya kufurahisha kikao, na sasa kazi halisi inayadai deni lake.

Hata kwenye bomba, ambalo hupimwa kwa urefu, lazima ijulikane kilomita ni nini. Mtaro uliochimbwa kilomita 6 unapendeza machoni, lakini kama bomba limelazwa kilomita 4.5 tu, haiwezekani kudai thamani ya kilomita 6. Katika mradi wetu kilomita inahesabiwa bomba likishalazwa, likapimwa presha na mtaro ukafukiwa. Ni kanuni kali, na ina faida moja kubwa: kiungio kinachovuja hakiingii kwenye thamani iliyopatikana kwa sababu tu kimefunikwa udongo.

Gharama iliyolipwa siyo gharama iliyoingiwa

Gharama halisi inaonekana kuwa namba isiyo na ubishi, kwa kuwa ina risiti. Lakini vitabu vya malipo na hesabu ya kazi havitembei kwa saa moja, na vikipishana tofauti ya gharama hupotoka.

Mfano wa kwanza ni mali kauli. Duka la vifaa limetoa mabomba na viungio vya milioni 10, vimelazwa ardhini, na deni litalipwa mwezi ujao. Mhasibu anayeandika kilicholipwa tu ataonyesha gharama halisi ya milioni 156 badala ya 166, na tofauti ya gharama itasomeka hasi milioni 9 badala ya hasi milioni 19. Thamani ya mabomba hayo imeshahesabiwa, lakini gharama yake haijahesabiwa. Mwezi unaofuata deni likilipwa, mradi utaonekana umeharibika ghafla, wakati hakuna kilichobadilika eneo la kazi. Vibarua wanaodai wiki mbili, mafuta ya dizeli yaliyochukuliwa kwa ahadi, na mtambo uliokodiwa ambao ankara yake haijafika vyote viko katika kundi hili. Kanuni ni kwamba kazi ikishahesabiwa kwenye thamani iliyopatikana, gharama yake iingie hata kama haijalipwa.

Mfano wa pili unakwenda upande wa pili. Mradi umenunua mabomba ya kilomita zote 8 kwa mkupuo ili kuepuka kupanda kwa bei. Yakiandikwa yote kama gharama ya mwezi huo, wakati yaliyolazwa ni ya kilomita mbili tu, tofauti ya gharama itakuwa hasi kubwa bila hasara yoyote kutokea. Mabomba yapo stoo. Kuna njia mbili za kulitatua hili, na zote ni halali mradi mpango wa awali ufuate njia hiyohiyo. Ama kifaa kihesabiwe kuwa gharama siku kinapotolewa stoo na kutumika, kama jedwali letu lilivyofanya, ama ununuzi uwekwe kwenye mpango kama kazi yenye thamani yake, inayopatikana vifaa vinapopokelewa na kukaguliwa. Malipo ya awali kwa mkandarasi nayo hayawi gharama ya kazi siku yanapotoka. Ni fedha iliyotangulia, na huingia kwenye gharama kadiri kazi inavyofanyika.

Ipo njia nyepesi ya kugundua upotofu wa aina hii. Tofauti ya gharama ikiruka kwa kiasi kikubwa mwezi mmoja na kurudi mwezi unaofuata, chanzo mara nyingi ni tarehe za kuandika hesabu. Mwamba wa kweli huonekana kama hasi inayokua kidogokidogo kila mwezi, kwenye mstari uleule.

Tofauti ya ratiba na upofu wake

Tofauti ya ratiba inasoma hasi milioni 21. Mjumbe yeyote mwenye akili ya kawaida atauliza: hizo ni siku ngapi? Jedwali halijibu, kwa sababu linapima kuchelewa kwa shilingi. Walt Lipke, Mmarekani aliyekuwa akisimamia miradi ya programu za kompyuta katika Jeshi la Anga, alilichapisha jibu mwaka 2003. Badala ya kuuliza tumepungukiwa thamani kiasi gani leo, alipendekeza tuulize mpango ulitarajia kuwa na thamani hii lini.

Kwa mpango wetu, jumla ya thamani iliyopangwa ni milioni 30 mwisho wa mwezi wa kwanza, kisha 80, 118, 168, 220 na 240. Milioni 147 tulizonazo ziko kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Zimeipita 118 kwa 29, na mwezi wa nne mzima ulikuwa wa milioni 50. Ishirini na tisa juu ya hamsini ni 0.58, kwa hiyo kazi tuliyonayo leo ilipaswa kuwapo mwezi wa 3.58. Leo ni mwisho wa mwezi wa nne, na tumechelewa mwezi 0.42, yaani karibu wiki mbili.

Lakini hata hizo wiki mbili zina huruma kupita kiasi, kwa sababu ya vituo vitatu vilivyojengwa mapema. Milioni 12 zake zimeingia kwenye jumla na kufidia sehemu ya kuchelewa kwa bomba na tenki. Ukiziondoa, thamani inabaki milioni 135, ambayo mpango uliitarajia mwezi wa 3.34, na kuchelewa kunakuwa karibu wiki tatu. Vituo hivyo havitoi hata tone la maji mpaka tenki lisimame na bomba liunganishwe. Tofauti ya ratiba inahesabu kila shilingi sawa, haijui kazi ipi inazuia nyingine. Msimamizi anayetaka taarifa ipendeze anaweza kabisa kuagiza vituo vyote kumi vijengwe kwanza, na namba zitapendeza huku siku ya kufungua maji ikizidi kusogea. Kwa hiyo tofauti ya ratiba husomwa pamoja na mfululizo wa kazi zinazobeba tarehe ya mwisho, ambazo katika mradi huu ni bomba na tenki.

Upofu wa pili ni wa mwisho wa mradi. Tuseme kazi zote zinakamilika mwezi wa nane badala ya wa sita. Siku hiyo thamani iliyopatikana ni milioni 240, na iliyopangwa ni milioni 240. Tofauti ya ratiba ni sifuri, na mradi uliochelewa miezi miwili unasomeka kama uliofika kwa wakati. Si kosa la hesabu. Thamani iliyopangwa imefika kikomo mwezi wa sita na kusimama, na kazi ikaja kuifikia polepole. Hivyo katika sehemu ya mwisho ya mradi tofauti ya ratiba hupungua yenyewe hata kama hakuna aliyeongeza kasi, na kupungua huko kusihesabiwe kuwa maendeleo. Kipimo cha Lipke hakina tatizo hilo, kwa sababu kinalinganisha miezi na miezi. Tofauti ya gharama nayo haina, kwani hasara yake hubaki mpaka siku ya kufunga vitabu.

Zilizobaki zitatosha?

Mradi umebakiwa na milioni 74 kwenye bajeti na kazi ya milioni 93. Hapo tu, kabla ya utabiri wowote, pengo la milioni 19 liko wazi, na ni namba ileile ya tofauti ya gharama. Hata kama kuanzia kesho kila kazi itagharimu bei yake ya mpango bila kuzidi shilingi moja, mradi utaishia milioni 259.

Swali ni kama kesho itakuwa tofauti na jana. Hadi sasa kila shilingi moja imeleta kazi ya senti 89, yaani 147 kugawanya kwa 166. Kasi hiyo ikiendelea, gharama ya mwisho ni bajeti kugawanya kwa kiwango hicho, karibu milioni 271. Na kama kuna anayeahidi kumaliza ndani ya milioni 240, ahadi yake inaweza kupimwa: kazi ya milioni 93 kwa fedha ya milioni 74 inataka kila shilingi ilete kazi ya shilingi 1.26. Timu iliyokuwa inaleta senti 89 inabidi ieleze itakachobadilisha.

Marekani ina mfano maarufu wa ahadi za aina hiyo. Ndege ya kivita A-12 ya Jeshi la Majini ilifutwa na Waziri wa Ulinzi Dick Cheney Januari 1991. Uchunguzi uliofanywa miezi ya mwisho ya 1990 ulikuta kwamba takwimu za thamani iliyopatikana zilikuwa zimeonyesha mapema kuzidi kwa gharama na kuchelewa kwa kazi, lakini utabiri uliopelekwa juu ulichagua makisio ya matumaini. Katika miaka iliyofuata, mtafiti David Christensen alichambua mamia ya mikataba ya ulinzi na kukuta kwamba kiwango cha ufanisi wa gharama, mradi ukishavuka asilimia 20 ya kazi, kwa kawaida hakibadiliki sana, na kikibadilika mara nyingi huwa kibaya zaidi. Matokeo hayo ni ya mikataba mikubwa ya jeshi, na watafiti waliopima miradi ya aina nyingine hawakuyakuta kila mahali. Mradi mdogo wenye kazi nne unaweza kugeuka haraka, kwa uzuri au kwa ubaya.

Kwa hiyo katika mradi kama huu utabiri wa jumla ufuatwe na utabiri wa mstari kwa mstari. Kisima kimekwisha kwa milioni 64. Tenki limebakiwa na kazi ya milioni 30, na bei yake imekuwa karibu na mpango, hivyo litaishia kama 62. Vituo saba vilivyobaki ni milioni 28, jumla 39. Kinachobaki ni kilomita 3.5 za bomba, na jibu lake halimo kwenye jedwali lolote. Kama mwamba unaendelea, kilomita hizo zitakula karibu milioni 46 na mradi utaishia karibu milioni 270. Kama mwamba umekwisha na njia iliyobaki ni udongo laini, zitakula milioni 35, na mradi utaishia milioni 259. Tofauti ya milioni 11 inajulikana kwa kutuma vibarua wachimbe mashimo ya majaribio kila baada ya mita mia kadhaa kwenye njia iliyobaki, kazi ya siku chache.

Baada ya mashimo hayo kamati itakuwa na machaguo yenye bei. Inaweza kuomba nyongeza ya milioni 19 au 30, ikiwa na sababu iliyopimwa. Inaweza kusimamisha vituo vitano kati ya saba vilivyobaki, na kuelekeza milioni 20 zake kwenye bomba na tenki ili maji yafike kwanza. Inaweza kuhamisha mbao na mafundi kurudi kwenye kuta, kwa kuwa huko kuchelewa hakutokani na bei. Machaguo yote matatu yapo kwa sababu ni mwezi wa nne na milioni 74 bado ziko benki. Mwishoni mwa mwezi wa sita fedha zitakuwa zimekwisha, na lililobaki litakuwa kuomba nyongeza peke yake, kwa kiasi chochote kitakachotajwa na mwenye mtaro wazi.